Kanuni Iliyokufa Wakati wa Chai

Bado nina hasira. Naandika haya nikiwa nimekaa, nimeshiba, mvua imekatika, na leo hakuna aliyenitukana, lakini hasira ipo palepale kama kokoto ndani ya kiatu ambacho huwezi kukivua mbele ya wageni. Mke wangu anasema hasira ya mwalimu haimdhuru mtu kwa sababu huishia ubaoni. Anasema kweli. Hii imeishia kwenye karatasi, ambayo ni ubao wa mtu asiye na chaki.

Nafundisha mambo ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Kamina. Pamoja na hayo, kwa miaka kadhaa nimekuwa mshauri wa mtandao wa hospitali ya misheni, kazi ambayo malipo yake ni kuitwa Prof na watu wanaotaka uwatengenezee simu. Mwenye kazi yenyewe, anayepanda darini na kushuka na buibui kichwani, ni fundi mwanamke niliyemfundisha zamani, mtoto wa familia ya reli. Baba yake alikuwa mtu wa njia panda za reli pale stesheni, yule anayevuta mkono wa chuma ili treni iende upande huu au ule. Fundi huyo ana watoto wawili, mama mzazi mwenye miguu mibovu, na mshahara mmoja. Naanza na huo mshahara kwa sababu ndio waliotaka kuuchukua, na hasira yangu yote imezungukia hapo.

Mambo yalianza vizuri, kama yanavyoanza mambo yote yenye wafadhili. Mradi mmoja wenye ofisi yake Lubumbashi ulituletea swichi mpya. Swichi, kwa asiyejua, ni kile kisanduku chenye matundu mengi ambamo nyaya za kompyuta zote za jengo hukutana. Swichi zetu za zamani zilikuwa na akili yao ndogo: kila moja ilijifunza yenyewe nani yuko kwenye tundu gani, na pakiti ya habari ilipofika iliipeleka. Zilikuwa kama wazee wa mtaa, zinajua nyumba za watu, ingawa wakati mwingine zinabishana.

Hizi mpya hazikuwa na akili, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Kazi ya kuamua imetenganishwa na kazi ya kupitisha. Swichi inapitisha tu. Ndani yake kuna jedwali la kanuni, na kila kanuni ina vipande viwili: sharti na tendo. Ikiwa pakiti inakwenda kwa kompyuta fulani, itoe kwa tundu fulani. Ikiwa imetoka mahali fulani, itupe. Anayeandika kanuni hizo ni programu moja tu, inayokaa mahali pamoja na kuuona mtandao wote kama ramani, nasi tuliiita kontrolere. Pakiti isiyolingana na kanuni yoyote inasimamishwa, swichi inamuuliza kontrolere, kontrolere anashusha kanuni, na zile zinazofuata zinapita bila kuuliza.

Mimi nilikuwa naipenda habari hii. Darasani nilichora kichwa kimoja kikubwa na mikono mingi, nikasema huu ndio uzuri: badilisha wazo moja kichwani, mikono yote inafuata. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, na kama kichwa kiko Lubumbashi? Darasa likacheka. Nikasema ni swali zuri, tutalirudia. Mwalimu akisema tutalirudia, jueni hana jibu.

Kwa sababu kichwa kilikuwa Lubumbashi kweli. Mkurugenzi wa kiufundi wa mradi, mtu mwenye mashati yaliyonyooka hata baada ya safari ya barabara yetu, alikuwa amemweka kontrolere ofisini kwake. Swichi zilikuwa Kamina, na kati yake na kontrolere kulikuwa na parabole moja, yaani dishi, juu ya paa la hospitali, inayozungumza na satelaiti kila mbingu zikiruhusu. Alitueleza kwa fahari kwamba akiwa mezani kwake anaweza kuona kila mazungumzo ya kila mashine ya Kamina. Nilipouliza kwa nini kontrolere asikae hapa hapa, kwenye kompyuta ndogo chini ya meza ya fundi wetu, alinitazama kama mtu aliyeomba funguo za benki. Akasema lazima kuwe na usimamizi.

Sisi wa Kamina tunalijua neno hilo. Tumekuwa mji mkuu wa jimbo, tuna gavana na bendera, lakini bado kuna mihuri ambayo haikubali kugongwa hapa.

Jambo moja dogo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililoamua yote. Kila kanuni aliyoishusha kontrolere ilikuwa na uhai wa masharti. Ikitumika, inaishi. Ikikaa muda kidogo bila pakiti yoyote kuigusa, inafutika yenyewe ili jedwali lisijae. Si ujinga, ni utaratibu wa kawaida, mradi kontrolere yupo wa kuiandika tena. Na Mkurugenzi alikuwa amechagua kwamba swichi ikimpoteza kontrolere isijiamulie chochote: kanuni zilizomo ziendelee, lakini pakiti ngeni itupwe. Kwa sababu za usalama, alisema. Ungeweza kuchagua kinyume chake, kwamba swichi ikibaki peke yake irudie akili yake ya zamani. Hakutaka.

Msimu wa mvua ukaja. Siku moja asubuhi radi ilipiga karibu na kanisa na kifaa cha parabole kikanyamaza. Hakuna aliyegundua. Kompyuta zilizokuwa zinazungumza ziliendelea kuzungumza. Saa ya kula ikafika, watu wakaondoka mezani, mazungumzo yakakatika, kanuni zikakaa bila kazi, zikafa moja baada ya nyingine bila kelele. Watu waliporudi, maabara haikuweza kupeleka majibu kwenye wodi ya akina mama. Nataka msomaji aelewe majengo hayo: mlango wa maabara na mlango wa wodi inatazamana, katikati kuna kibaraza. Muuguzi akikohoa, mtu wa maabara anasema pole. Lakini mashine zao zilihitaji ruhusa ya Lubumbashi ili kusalimiana.

Na hapa ndipo nilipotaka kuuma meza. Kamera ya getini ilikuwa inafanya kazi. Kamera haipumziki, inatuma picha muda wote kwenye skrini ya mlinzi, kwa hiyo kanuni yake ilikuwa inaguswa kila wakati na haikufa. Tukawa tunaona mbuzi wa jirani wakipita getini, picha safi kabisa, lakini hatuoni kundi la damu la mama anayesubiri kupasuliwa. Ikabidi karatasi ivushwe kwa mkono kwenye ile mvua ya upande, ikafika imelowa, wino umetambaa, daktari akakataa kuisoma. Mama akachomwa sindano tena, akapimwa tena. Mama alipona, na mtoto wake pia. Daktari hakupona haraka hivyo. Alikuja ofisini akasema maneno ambayo hospitali ya misheni haina mahali pa kuyaweka.

Fundi wetu aliwaandikia Lubumbashi. Aliomba kitu kimoja: kanuni za kudumu, zisizofutika, kwa mazungumzo ya ndani ya hospitali, maabara na wodi, famasia na chumba cha upasuaji. Sharti na tendo, ziwekwe mapema, zisimsubiri mtu. Mambo ya nje yaendelee kuuliza. Jibu lilikuja limejaa adabu za Kifaransa, na maana yake ilikuwa kwamba jedwali la swichi haliguswi na mwingine isipokuwa kontrolere, na kwamba mtandao umethibitishwa kufanya kazi hata kiungo kikikatika, mbele ya wafadhili, kwa majaribio.

Nilimwuliza, ulifanya nini uliposoma hilo? Akasema alicheka, kisha akaenda kumwuliza baba yake.

Yule mzee amestaafu, au tuseme reli imestaafu naye bado anaisubiri. Alimweleza kwamba zamani hakuna treni iliyoondoka bila neno la mkubwa wa njia, aliyekuwa mbali, kwenye simu. Lakini kila stesheni ilikuwa na maagizo ya kudumu kwa siku ambayo simu imekufa: treni gani ipite, kwa mwendo gani, nani atembee mbele na bendera. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeyatoa, mapema, wakati simu ingali nzima. Hakuna aliyeona ni uasi.

Parabole ilipokufa mara ya pili fundi hakumwandikia mtu. Alichukua waya wa konsoli, ule wa kuingia ndani ya swichi moja kwa moja, akaenda swichi kwa swichi, akaandika kanuni zake kwa mkono. Kila moja aliipa kipaumbele cha juu, na namba ya kipaumbele aliyochagua ilikuwa ile iliyokuwa ubavuni mwa treni ambayo baba yake aliipenda kuliko zote. Maabara na wodi vikaanza kusemezana. Siku ile yote hakuna karatasi iliyovuka kibaraza, nasi tukaenda nyumbani kama watu wa kawaida.

Kiungo kiliporudi, kontrolere alilinganisha majedwali na kumbukumbu zake, akakuta kanuni ambazo hakuziandika yeye, akazifuta zote. Ndivyo alivyopangwa. Pia alimwarifu bwana wake. Kwa hiyo kabla ya wiki kwisha Mkurugenzi alishuka kutoka kwenye gari la mradi, shati limenyooka, na barua ya kumfukuza fundi wetu ndani ya mkoba. Kilichobaki ni saini ya Abbé, padri msimamizi wa hospitali, mtu mpole anayeogopa mambo mawili, dhambi na wafadhili.

Tulikaa ofisini kwa Abbé: yeye, Mkurugenzi, fundi, na mimi, ambaye nilikuwa nimejiandaa. Kujiandaa ndilo kosa langu la kudumu. Mkurugenzi alisema fundi ameingia kwenye swichi bila idhini, ameweka kanuni za siri, na amehatarisha mtandao. Halafu akamgeukia, kwa Kiswahili chetu chenye Kifaransa ndani, ambacho jedwali ni table, mtandao ni réseau na kiungo ni liaison.

“Ni nani njo alikuambia utie mukono mu table?”

“Hakuna mutu,” fundi akajibu. “Minyi njo nilitia. Labo iko hapa, maternité iko pale, mulango na mulango. Juu ya nini baombe ruhusa ku Lubumbashi?”

“Juu réseau inatumika ata bila liaison. Ulikuwa unajua. Ulitaka tu kuonyesha weye njo chef.”

Hapo nikaingilia. Nilisimama, na nikisimama basi. Nilizungumza juu ya ngazi ya uamuzi na ngazi ya kupitisha, juu ya kanuni za mapema na kanuni za kuitikia, nikachora hewani kile kichwa na ile mikono. Naamini nilitaja pia falsafa ya madaraka. Abbé alinitazama kwa huruma aliyoizoea kwenye maungamo marefu. Mkurugenzi alisubiri nimalize, akasema kwa upole kwamba nadharia ya Prof ni nzuri sana, lakini yeye angependa kuonyesha.

Akaonyesha. Aliwaita watu wa maabara na wa wodi waache kazi kidogo. Kwenye mashine ya maabara alianzisha ping, ile amri inayopiga hodi kwa mashine nyingine kila sekunde na kungoja iitikie. Wodi ikaitikia. Mistari ikashuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwomba Abbé mwenyewe, kwa mikono yake mitakatifu, achomoe waya wa parabole. Abbé akachomoa kama mtu anayechomoa jino la mtoto. Tukatazama. Mistari iliendelea kushuka. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Lubumbashi haipo, na mashine zinasalimiana.

“Munaona,” Mkurugenzi akasema. “Ile njo niliwaonyesha bafadhili.”

Abbé akageuka kumtazama fundi. Sijawahi kuona uso wa mpole ukifunga mlango namna ile. Alikuwa ameanza kuamini kwamba huyu mwanamke alimdanganya, kwamba karatasi iliyolowa ilikuwa uzembe wa mtu fulani, kwamba barua ile ilistahili. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake, nikaiona. Nikafungua mdomo nianze tena hotuba, na namshukuru Mungu kwamba fundi alinitangulia.

Hakuzungumza na Mkurugenzi. Alizungumza na Abbé, kwa sauti ya mtu wa nyumbani.

“Abbé, mugeni ametoka mbali na hajakunywa kitu. Tumuombe asimamishe ile ping, tunywe chai, halafu aianzishe tena.”

Hapa kwetu mgeni hakatai chai. Anaweza kukataa ombi lako, posa yako, hata dini yako, lakini chai ikitajwa mbele ya mwenye nyumba ameshakaa. Mkurugenzi alibonyeza, mistari ikasimama. Tukarudi ofisini. Sista mmoja akaleta chupa ya chai na mikate, ile ya kukaangwa, bado ina mafuta ya moto. Mkurugenzi alikula kwa uangalifu kwa ajili ya shati. Alituambia habari za msongamano wa Lubumbashi. Abbé akauliza kuhusu mvua za huko. Fundi hakula. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama dirishani upande wa maabara, na nikamwona akihesabu kwa midomo.

Hapo ndipo mimi nami nilipoelewa, nikaona aibu kwa hotuba yangu, maana nilichopaswa kusema kilikuwa kifupi kuliko mkate. Jaribio la Mkurugenzi ndilo lililokuwa linailisha kanuni. Ping inagonga kila sekunde, na kanuni inayoguswa kila sekunde haifi kamwe. Alichowathibitishia wafadhili ni kwamba mtu anayelishwa hafi njaa. Maabara haipigi hodi kila sekunde. Inatuma jibu moja, inanyamaza muda mrefu, inatuma jingine, na kila inaporudi inakuta kanuni yake imezikwa.

Tulipomaliza tukarudi. Waya wa parabole ulikuwa bado mezani, umelala. Mkurugenzi akabonyeza.

Hakuna mstari uliorudi. Akabonyeza tena. Akakagua waya wa mashine, akaugusa kwa kidole, akaangalia taa za swichi, zote za kijani, zinamkonyeza. Mtu wa maabara, ambaye muda wote alikuwa amesimama na mirija ya damu mkononi akitaka kazi yake, akasema bila kuinua sauti kwamba ndivyo inavyokuwaga kila mvua, papa. Abbé aliuliza nini kimebadilika. Fundi akamweleza kwa maneno machache, kanuni imekaa bila kazi, imejifuta, na wa kuiandika upya yuko ng'ambo ya waya uliouchomoa, Abbé. Abbé akatazama waya, akamtazama Mkurugenzi, na kalamu ikabaki mfukoni.

Hapa msomaji atataka nimwambie kwamba Mkurugenzi aliomba radhi. Angalieni mtu huyu. Alisema kuna jambo dogo la muda wa uhai wa kanuni ambalo alikuwa tayari amepanga kulirekebisha. Amepanga! Barua ya kufukuza aliirudisha mkobani, akasema kwa moyo wa kibinadamu itageuzwa kuwa onyo la maandishi, kwa kuwa utaratibu ulivunjwa, na utaratibu ni utaratibu. Akaliandika palepale. Abbé, akiona amani iko karibu, akamsogezea fundi karatasi.

“Weka saini, mama, tumalize.”

Fundi alilisoma hadi chini. Akalirudisha mezani, akalinyoosha kwa kiganja kama kitambaa cha meza.

“Hapana, Abbé. Nikisaini, nasema nilikosa. Mvua itarudi. Siku ile munataka nifanye nini?”

Nilitamani Abbé aseme jambo la haki, kwa sauti. Alichukua lile onyo lisilo na saini, akalitia kwenye droo, akafunga, na kusema basi, fundi aendelee na kazi yake. Nimeambiwa na watu wa kanisa kwamba hiyo ni haki ya aina yake. Mimi naiita droo.

Halafu, na hili ndilo linalonifanya niandike badala ya kulala, Mkurugenzi alipewa samaki. Desturi ni desturi. Sista alimfungia mzigo wa samaki wakavu wa Kinkondja, wale wazuri, wenye harufu inayokaa garini hadi Krismasi. Fundi mwenyewe ndiye aliyeupakia. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, “Prof, ule ni mugeni. Na gari ni la mradi, harufu itabakia naye.”

Siku chache baadaye kanuni mpya zilishuka kutoka Lubumbashi, pamoja na waraka wenye jina la Mkurugenzi kuhusu mbinu yake mpya ya kulinda huduma za ndani. Tulifungua jedwali la swichi pamoja, mimi na fundi. Maabara kwa wodi, famasia kwa upasuaji. Kanuni za kudumu, zisizofutika, zile zile alizoziandika yeye, mpangilio uleule. Mkurugenzi alizitoa kwenye kumbukumbu za kontrolere, zile zilizofutwa kama uasi. Hata namba ya kipaumbele hakuibadilisha. Treni ya yule mzee ilikuwa imekaa pale, katika kila mstari, kwa amri ya Lubumbashi.

Nilitaka tuandike malalamiko. Nilikuwa tayari na kichwa cha habari. Yeye aliangalia ile namba kwa muda, akafunga kompyuta, akaenda kupanda darini kwa sababu famasia ilikuwa inalalamika juu ya waya uliotafunwa na panya.

Leo mchana mvua imepiga tena na parabole imekufa. Nilikuwa kwenye kibaraza, nimejikinga kati ya ile milango miwili. Hakuna aliyevuka na karatasi. Ndani ya wodi nilisikia printa ikianza, na muuguzi akinung'unika kwamba wino unakaribia kwisha na hakuna mtu wa kumwambia.

Fundi alipita na ngazi begani, akaambiwa habari ya wino, akasema atauagiza. Wino unaagizwa Lubumbashi.